Barua ya Kumwomba Mhadhiri Muda

Mhariri ameniomba niwaandikie ndugu zangu wa vidato vya juu somo moja la barua. Nimechagua barua ambayo kitabu chetu cha kidato cha nne hakikuwa nayo, nami nilijifunza kuiandika kwa aibu: barua ya mwanafunzi wa chuo kumwomba mhadhiri amwongezee muda wa kuleta ripoti ya kazi ya nyanjani, kwa sababu aliugua.

Wasomaji wanaokwenda vyuoni watakutana na jambo hili mapema kuliko wanavyodhani. Kazi ya nyanjani humtoa mtu darasani na kumpeleka kwenye mbu, jua na maji asiyoyazoea. Na ripoti yake ina siku yake maalumu. Mtu akiugua katikati, siku hiyo haimngojei. Basi hamna budi kuandika.

Jinsi mambo yalivyokuwa

Nilitoka hapa Uganda kwenda kusoma Kiswahili katika chuo kimoja cha Tanzania. Katika mwaka wangu wa pili tulipewa kazi ya kukusanya maneno ya watu wa kazi fulani. Mimi nilichagua maneno ya mafundi wa vyombo vya bahari na wavuvi wa Bagamoyo. Nilikaa huko tangu Jumatatu tarehe 17 hadi Jumamosi tarehe 22 Februari, 2025, nikazungumza na wazee 8 na kunasa sauti ya kila mmoja kwa muda wa nusu saa hivi. Ripoti ilitakiwa Ijumaa, 14 Machi. Ilikuwa na alama 20 katika zile 40 za kazi za muhula, yaani nusu nzima.

Tarehe 3 Machi nikashikwa na homa. Kesho yake nikapimwa damu, ikaonekana malaria. Nilipewa dawa ya mseto, ile inywewayo asubuhi na jioni kwa siku tatu, na daktari akaniandikia mapumziko ya siku 5, tangu tarehe 4 hadi tarehe 8. Jumatatu, tarehe 10, nikaketi bwenini nikaandika barua. Hii hapa, sikuibadili neno:

*Mpendwa Mama Mwalimu,*

*Shikamoo. Natumaini u buheri wa afya pamoja na jamaa yako yote. Mimi huku ni mzima wa afya njema, hofu ni kwako tu. Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kukujulisha kuwa mimi ni mgonjwa sana. Ugonjwa ulinivamia ghafla kama chui, nikatetemeka, nikatapika, nikakata tamaa ya dunia. Kwa hiyo sikuweza kufanya kazi yako. Wewe ni kama mama yangu na ninajua una moyo wa huruma. Ninakuomba sana sana uniongezee wiki mbili au zaidi, maana nikipata sifuri wazazi wangu watasikitika. Mungu akubariki.*

*Mwanao mtiifu*

Niliipeleka ofisini kwake mchana. Jioni niliikuta mahali pa barua za wanafunzi, imerudishwa, na chini yake kwa wino mwekundu yameandikwa maswali matatu:

*1. Uliugua tangu lini hata lini, na nani ajuaye?*
*2. Kazi imefika wapi?*
*3. Utaileta siku gani?*

Chini ya hayo alikuwa ameongeza mstari mmoja: *Barua hii ni ya shangazi yako. Niandikie mimi.*

Kosa la barua ya kwanza

Tazameni kwanza mistari yangu miwili ya mwanzo. Nimesema kuwa mimi ni mzima wa afya njema, na mara hiyo hiyo nimesema kuwa ni mgonjwa sana. Sikuwa mwongo. Mkono wangu ulikuwa umezoea barua za kwetu nyumbani, ambamo kila mtu ni mzima na hofu ni kwa mwenziwe tu, hata akiwa anaandika kitandani. Katika barua ya jamaa maneno hayo ni adabu. Katika barua ya ombi ni ushahidi dhidi yako mwenyewe.

Pili, nilisema mengi juu ya homa, lakini sikutaja hata tarehe moja. Mhadhiri hahitaji kujua kwamba nilitetemeka. Wengi wenye malaria hutetemeka. Anahitaji kujua siku ngapi zilipotea. Kwa kweli halazimiki hata kujua jina la ugonjwa. Cheti cha daktari chenye tarehe, idadi ya siku za mapumziko, sahihi na muhuri chatosha, na mtu mwenye maradhi asiyopenda kuyataja ana haki ya kuandika tu kwamba aliugua.

Tatu, nilisema kuwa sikuweza kufanya kazi, na hilo halikuwa kweli. Nilikuwa nimekwisha kunukuu mazungumzo ya wazee 5 katika 8. Kwa kutaka kuonewa huruma nilijifanya mvivu kuliko nilivyokuwa.

Nne, niliomba wiki mbili au zaidi. Siku tano zilizopotea haziwezi kuzaa wiki mbili. Na neno "zaidi" ni sawa na kumwambia mhadhiri kuwa hata mimi mwenyewe sijui nitamaliza lini. Yeye ana orodha ya alama anayotakiwa kuipeleka kwa mkuu wa idara siku fulani. Akikupa muda usio na mwisho, yeye ndiye atakayeulizwa.

Hili la mwisho ndilo kiini cha somo letu. Barua ya namna hii haiombi huruma, inaomba siku. Na mwenye kuombwa siku lazima aweze kuamua akiisoma mara moja, bila kukuita kukuuliza neno.

Hesabu kabla ya barua

Usiku ule sikuandika. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu ya kazi iliyobaki, nayo ilikuwa hivi.

Mazungumzo ya wazee 3 yalikuwa hayajanukuliwa. Kila mmoja nusu saa, jumla saa moja na nusu. Nilikuwa nimekwisha kujipima katika wale 5 wa kwanza, nikaona kwamba saa moja ya sauti hunichukua saa 6 za kuandika, maana mtu husikiliza, husimamisha, hurudi nyuma, na upepo wa pwani huvuma ndani ya chombo cha kunasia sauti. Basi saa moja na nusu zataka saa 9. Baada ya masomo ya mchana nilikuwa na saa 3 kila jioni. Kwa hiyo kunukuu kulihitaji siku 3.

Kisha kuyapanga maneno katika jedwali, siku 2. Kuandika ripoti yenyewe, siku 3. Kuisoma tena na kuisahihisha, siku 1. Jumla siku 9. Nikianza Jumanne tarehe 11, siku ya tisa ni Jumatano tarehe 19. Siku ya mwisho iliyowekwa ilikuwa tarehe 14, hivyo niliyohitaji yalikuwa mapumziko ya siku 5 kamili. Na cheti cha daktari kilisema siku 5.

Sikuitazamia hesabu kukutana namna hiyo, lakini ilipokutana ombi langu lilisimama kwa miguu yake. Ingekuja siku 8 ningelazimika kueleza zile 3 za ziada, au kujibana nizipunguze. Angalieni pia kwamba sikuhesabu tarehe 3, ingawa nilikuwa na homa, wala tarehe 9, ingawa miguu ilikuwa bado dhaifu. Cheti hakikuzitaja, nami sikutaka kubishania siku mbili na kuzitia shakani zile tano.

Likabaki jambo moja gumu. Katika mpango wangu wa kazi, uliokubaliwa na mhadhiri, niliandika kwamba Jumamosi tarehe 8 Machi nitarudi Bagamoyo kuwasomea mafundi maneno niliyokusanya, wanisahihishe. Siku hiyo nilikuwa kitandani. Maneno 14 yalikuwa na mashaka. Kwa mfano, zile mbao za pembeni zinazoizuia ngalawa isipinduke, mzee mmoja aliziita matengo na mwingine alitaja mrengu. Je, ni majina mawili ya kitu kimoja, au kila jina lina sehemu yake? Hilo ndilo nililokuwa nikaulize.

Rafiki yangu wa chumba kimoja alinishauri niandike tu kwamba nilihakiki. "Nani atakwenda Bagamoyo kuuliza?" alisema. Nakiri kwamba niliufikiri ushauri huo kwa muda mrefu kuliko ipasavyo. Kilichonizuia ni cheti chenyewe. Nisingeweza kumpa mhadhiri karatasi isemayo kuwa tarehe 8 nilikuwa kitandani, na ripoti isemayo kuwa siku hiyo hiyo nilikuwa ufukweni nikizungumza na mafundi.

Lakini hata bila cheti, jambo hili ni lazima liwemo katika barua. Ugonjwa wa wakati wa kuandika hula siku tu, na siku zaweza kurudishwa. Ugonjwa wa wakati wa kukusanya habari hula habari zenyewe. Mwombaji aseme ni upi uliompata. Kama ni wa pili, aseme kama anaomba kurudi nyanjani au anaomba kuandika kwa kile alicho nacho.

Barua ya pili

Jumanne asubuhi niliandika hii. Majina nimeyaacha, kila mtu atatia yake.

Chuo Kikuu,
Bweni la Wanafunzi, Chumba Na. …
11 Machi, 2025

Mhadhiri wa Somo la Msamiati,
Idara ya Kiswahili.

Ndugu Mhadhiri,

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA SIKU 5 ZA KULETA RIPOTI YA NYANJANI

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, namba ya usajili … Ninaomba niongezewe muda wa kuleta ripoti yangu ya maneno ya mafundi na wavuvi wa Bagamoyo, kutoka Ijumaa tarehe 14 Machi hadi Jumatano tarehe 19 Machi, 2025, saa kumi jioni.

Niliugua malaria, na daktari aliniagiza nipumzike kwa siku 5, tangu tarehe 4 hadi tarehe 8 Machi. Nakala ya cheti chake nimeiambatisha.

Nimenukuu mazungumzo 5 katika 8, nayo nimeyaambatisha. Kazi iliyobaki nitaifanya hivi: tarehe 11 hadi 13 kunukuu mazungumzo 3, tarehe 14 na 15 kupanga maneno, tarehe 16 hadi 18 kuandika, tarehe 19 kusahihisha.

Safari ya kurudi Bagamoyo tarehe 8 Machi sikuweza kuifanya. Kwa hiyo maneno 14 hayakuhakikiwa na mafundi. Siombi muda wa safari hiyo. Nitayataja maneno hayo katika ripoti kuwa hayajahakikiwa, isipokuwa ukiniagiza vinginevyo.

Nitashukuru kupata jibu lako kabla ya tarehe 14.

Wako mtiifu,
(Sahihi)
(Jina kamili)

Viambatisho: 1. Nakala ya cheti cha daktari. 2. Mazungumzo 5 yaliyonukuliwa.

Maelezo ya barua hii

Kichwa cha habari kinabeba ombi lote. Msomaji aliyetazama mstari huo mmoja anajua ni nini kinachoombwa na kwa kiasi gani. Vitabu tulivyosomea hapa shuleni vilituonyesha KUH: yaani kuhusu, huko Tanzania wamezoea YAH: yaani yahusu. Zote mbili ni sahihi, ila fuata desturi ya mahali unapopeleka barua.

Salamu zimeondoka. Msidhani kwamba adabu imeondoka pamoja nazo. Shikamoo nilimpa kwa mdomo nilipoingia ofisini, na hapo ndipo mahali pake. Katika barua adabu imo katika vitenzi. Nimesema "ninaomba niongezewe", si "uniongezee", maana kauli ya kutendewa haimnyoshei mtu kidole. Nimesema "nitashukuru kupata jibu", si "nataka unijibu". Na maneno "isipokuwa ukiniagiza vinginevyo" yanamwachia mhadhiri uamuzi, kama ilivyo haki yake.

Angalieni na nyakati za vitenzi. Katika barua ya kwanza nilisema "mimi ni mgonjwa", nami nilikuwa nimekwisha pona. Hapa ni "niliugua", kisha tarehe. Aliye bado kitandani aseme "ninaugua tangu tarehe fulani", na asitaje siku ya kuleta kazi mpaka daktari ampe siku ya kupumzika hadi lini.

Mazungumzo 5 niliyoyaambatisha ndiyo yaliyofanya kazi kubwa kuliko maneno yangu yote. Mtu anayeomba muda bila kuonyesha kazi anaweza kuwa hajaanza. Anayeonyesha kurasa ameanza. Kama huna kurasa, ambatisha orodha ya watu uliozungumza nao na tarehe zake, au ukurasa wa daftari la nyanjani. Usikose kitu cha kushika mkononi.

Barua ipelekwe kabla ya siku ya mwisho. Hata wenye barua pepe wafanye hivyo hivyo: kichwa cha habari kile kile, viambatisho vile vile, na nakala yako uiweke. Mtu aliyelazwa hospitali asingoje kupona. Amtume mwenzake na kikaratasi cha mistari miwili: jina, namba, amelazwa tangu tarehe fulani, barua kamili itafuata. Kikaratasi hicho kikifika kabla ya siku, barua ikija baadaye ina mahali pa kusimama.

Mwisho, mhadhiri si mwenye mamlaka yote. Kwa kawaida ripoti ya somo lake yuko huru kuipa siku chache. Lakini ukiomba muda unaopita siku ya kupeleka alama, au ukikosa mtihani wenyewe, yeye peke yake hawezi. Barua iende kwa mkuu wa idara, kupitia kwa mhadhiri.

Yaliyofuata

Barua ilirudi siku ile ile. Wino ulikuwa mwekundu tena: *Nimekubali. Jumatano 19/3, saa 10 jioni. Maneno 14 yatiwe alama ya nyota.* Niliileta saa tisa na nusu. Alipoisahihisha alinipunguzia alama 2 kwa maneno yasiyohakikiwa, na hakunipunguzia hata moja kwa kuchelewa.

Wakati wa likizo nilirudi Bagamoyo kwa nauli yangu, nikawasomea mafundi yale maneno 14 yenye nyota. Matatu niliyaandika visivyo. Upepo ulikuwa umemeza silabi nami nikabuni nyingine. Fundi mmoja alicheka hata akaweka chini tezo lake. Kama ningesikiliza ushauri wa chumbani, maneno hayo matatu yangekuwa katika ripoti yakiwa na sahihi yangu kwamba mafundi waliyathibitisha, na mwanafunzi anayenifuata angeyanukuu.

Mazoezi

1. Mwanafunzi wa jiografia aliwahoji watu wa nyumba 20 katika 30 alizopangiwa, kisha akaugua kwa siku 6. Ripoti inatakiwa baada ya siku 7. Piga hesabu ya kazi yake, ukikadiria nyumba 5 kwa siku na siku 4 za kuandika. Je, aombe siku za kurudi nyanjani, au aandike kwa nyumba 20? Toa sababu.

2. Mwandikie barua mhadhiri wake, isiyozidi maneno 150, pamoja na kichwa cha habari na orodha ya viambatisho.

3. Sahihisha sentensi hizi ziwe za barua ya ombi: (a) Lazima uniongezee siku kwa kuwa niliumwa sana. (b) Nitaileta kazi nikijisikia vizuri. (c) Mimi ni mzima, ila ni mgonjwa.